Aliyeachwa kwa simu: hali ya ndoa, ridhaa na mashahidi katika fomu ya ndoa

*Niko Wete, nina miaka 31 na mtoto mmoja. Mume wangu wa kwanza aliniacha kwa simu mwaka 2022 na hakunipa karatasi. Sasa nimeposwa na mtu wa Tanga, naye alishamwacha mkewe huko kwao, wakamaliza mambo nyumbani. Mchumba anataka twende bomani Tanga, kwetu wanataka ndoa ifungwe msikitini hapa hapa. Baba alishafariki, aliyenilea ni mjomba, na kaka yangu kwa baba yuko Maskati. Shangazi ananiambia kwenye fomu niandike sijawahi kuolewa ili mambo yaende haraka. Nijaze nini, na nani awe walii na nani awe shahidi?*

Dada yangu, nitaanza na ushauri wa shangazi yako, kwa sababu ukiufuata, mengine yote nitakayokuandikia hayatakuwa na faida. Usiandike kwamba hujawahi kuolewa. Najua amesema hivyo kwa kukuonea huruma, na najua si peke yake anayeshauri hivyo hapa kwetu, lakini neno hilo likishatiwa sahihi linakuweka mahali pabaya kuliko pale ulipo sasa. Una mtoto, na cheti chake cha kuzaliwa kina jina la baba yake. Ndoa yako ya kwanza ilifungwa mbele ya watu, na huenda iliandikwa katika kitabu cha ndoa. Mume wa kwanza akija kesho akidai kwamba hakukuacha, au ndugu zake wakadai hivyo kwa sababu ya urithi, swali litakalokuwa mbele ya kadhi ni moja tu: je, ndoa ile ilikwisha lini na kwa njia gani? Karatasi yako mwenyewe haitalijibu swali hilo. Itakuwa inakana kwamba ndoa ile ilikuwepo, jambo ambalo kila mtu wa shehia yako anajua kuwa si kweli, na hapo hata maneno yako ya kweli kuhusu ile simu yatapungua uzito. Zaidi ya hayo, kutoa maelezo ya uongo kwa mtendaji wa Serikali ni kosa la jinai.

Sehemu ya hali ya ndoa ya awali haikuwekwa katika fomu ili kumfedhehesha mwanamke. Imewekwa ili anayefungisha ndoa ajue mambo mawili: kama mwanamke yuko huru na kifungo cha mume mwingine, na kama eda yake imekwisha. Mwanamke aliyeolewa hawezi kuolewa na mume wa pili, na ndoa inayofungwa ndani ya eda ya mume mwingine ni batili. Kwa hiyo jibu lako ni kwamba umeachwa, na jibu hilo linahitaji karatasi ya kulithibitisha.

Karatasi hiyo utaipata Mahakama ya Kadhi. Hapa Zanzibar mambo ya ndoa na talaka za Waislamu yako chini ya mahakama hiyo kwa Sheria ya Mahakama ya Kadhi namba 9 ya mwaka 2017, na wewe mlango wako ni Mahakama ya Kadhi ya Wilaya ya Wete. Nenda na kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa ya kwanza kama unacho, na barua ya sheha inayoeleza kwamba anakufahamu na kwamba hukai na mume tangu wakati huo. Kama cheti cha ndoa ya kwanza kimepotea, usikwame hapo, bali waombe waliohudhuria ndoa ile waje wathibitishe.

Kadhi atamwita mume wako wa kwanza, na kuanzia hapo shauri linaweza kwenda katika njia tatu, ambazo matokeo yake hayafanani. Njia nyepesi ni mume kuja na kukiri kwamba alikuacha, akataja na wakati. Nyote wawili mkikubaliana juu ya tarehe, kadhi ataiandika talaka kuwa ilitoka tarehe hiyo ya 2022, na eda itahesabiwa tangu siku hiyo. Maana yake ni kwamba eda yako imekwisha zamani, na unaweza kuendelea na ndoa mara tu utakapoishika karatasi mkononi. Njia ya pili ni mume kukana, lakini wewe ukawa na watu waliomsikia: pengine simu ilikuwa imewekwa spika na mama yako au jirani yuko pembeni, au mume aliwatamkia wazee wa kwao baadaye. Kadhi atawasikiliza na kupima ushahidi wao, na akiridhika atathibitisha talaka. Kama uliachwa kwa ujumbe wa maandishi, usiufute na usibadilishe simu kabla ya kadhi kuuona. Jua lakini kwamba maandishi peke yake hayatoshi mpaka aliyeandika aulizwe kama ni yeye na kama alikusudia talaka.

Njia ya tatu ndiyo inayowaharibia watu tarehe za harusi, kwa hiyo nataka uielewe vizuri. Mume akikana na ushahidi ukawa haupo, au akawa hapatikani kabisa, kadhi hatasema kwamba uliachwa 2022. Atasikiliza kama kuna sababu ya kuivunja ndoa, kwa mfano kwamba amekutelekeza bila ya matumizi kwa miaka kadhaa, na akiridhika ataivunja yeye mwenyewe. Hiyo ni fasakhi, na ndoa inavunjika siku ile ya hukumu, si siku ile ya simu. Eda nayo inaanza siku ya hukumu, hata kama hamjaonana miaka mingi, kwa sababu mliwahi kuingiliana katika ndoa hiyo.

Hebu tuihesabu kwa mfano. Tuseme kadhi amevunja ndoa tarehe 1 Juni nawe uko katika tohara, yaani siku za usafi baina ya hedhi na hedhi, na hedhi yako huja kila siku 28. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu hapa Pemba, mwanamke anayepata hedhi hukaa eda ya tohara tatu, na ile sehemu ya tohara iliyobaki siku ya hukumu inahesabiwa kuwa moja. Hedhi ikija tarehe 10 Juni, tohara ya kwanza imekwisha. Tohara ya pili inakwisha hedhi inapokuja tarehe 8 Julai, na ya tatu inakwisha hedhi inapoanza tarehe 5 Agosti. Hapo eda imetoka. Lakini kama siku ya hukumu ulikuwa katika hedhi, hedhi hiyo haihesabiwi, na itakubidi ungoje mpaka hedhi ya tatu baada ya hiyo ianze. Miezi mitatu ya kalenda ambayo watu huitaja kwa kila mwanamke ni eda ya asiyepata hedhi, mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue, na aliyefiwa na mume eda yake ni miezi minne na siku kumi. Kwa hiyo katika mfano wetu, familia iliyokwisha kutangaza harusi ya Julai italazimika kuiahirisha. Ndiyo maana nakusihi uende kwa kadhi kabla ya kadi kuchapwa na ukumbi kulipiwa.

Sasa nije kwa mchumba wako, kwa sababu naye ana sehemu yake ya kujaza, na sehemu yake huenda ikawa nzito kuliko yako. Yeye ni mtu wa Bara, na huko kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haitumiki hapa Zanzibar lakini inamfunga yeye na ndoa yake ya kwanza. Chini ya sheria hiyo, talaka iliyotamkwa nyumbani peke yake haiimalizi ndoa mbele ya Serikali. Kifungu cha 107 kinataka, kwa waliooana kwa taratibu za Kiislamu, baraza la usuluhishi lishindwe kwanza kuwapatanisha, kisha talaka itolewe, na mahakama ndiyo itoe amri ya talaka. Wengi wanaosema kwamba walimaliza mambo nyumbani hawakuzipita hatua hizo. Kidini huenda mkewe ameachika kweli kweli, lakini katika daftari la Serikali bado ni mke wake.

Kwa hiyo muulize kwa upole maswali mawili, umwombe na karatasi. La kwanza: ndoa yake ya mwanzo ilifungwa kwa taratibu gani? Kama ilikuwa ya Kiislamu, sheria ya Bara inaichukulia kuwa ni ndoa inayoweza kuwa ya wake wengi, kwa hiyo ndoa yako haitazuiliwa kwa sababu hiyo, ila utaingia ukiwa umeandikiana na mwanamume ambaye kisheria ana mke. Kama ilikuwa ya bomani au ya kanisani na ikasajiliwa kuwa ya mke mmoja, basi hawezi kuoa mwanamke mwingine yeyote mpaka amri ya mahakama itoke, na ndoa itakayofungwa kabla ya hapo ni batili kwa sheria hiyo. Swali la pili: je, ana amri ya talaka ya mahakama? Kama hana, aende kwenye baraza la usuluhishi, kisha Mahakama ya Mwanzo anakoishi. Si kazi ya kukata tamaa, hasa kama mkewe wa kwanza naye anataka mambo yawekwe sawa.

Je, kama hataki kungoja? Maoni yangu ni kwamba angoje. Lakini kama ndoa yao ilikuwa ya Kiislamu na mmeamua kuendelea, basi aandike ukweli kama ulivyo: kwamba alioa, kwamba ametoa talaka tarehe kadhaa, na kwamba hana amri ya mahakama. Asiandike kwamba ni mtalaka na kunyamaza, wala asiandike kwamba hajaoa. Siku akifariki, mke wa kwanza anaweza kuja na cheti chake cha Bara akadai haki ya mjane, na wewe utakuwa umesimama na karatasi ambayo mumeo mwenyewe aliijaza vibaya. Nimewaona wajane wawili wakikutana kwa mara ya kwanza katika ofisi ya mirathi, kila mmoja na cheti chake, na sitaki uwe wa tatu.

Kuhusu wapi mfunge, bomani Tanga panawezekana, nami nitakueleza panavyokwenda ili uamue ukijua. Huko mnatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kuoana si chini ya siku 21 kabla, mkitaja umri, makaazi, wazazi na hali ya ndoa ya kila mmoja, na taarifa hiyo inatangazwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mke aliyepo wa mwanamume ni miongoni mwa wanaoweza kuweka pingamizi, na hapo ile habari ya talaka isiyopita mahakamani itafumuka yenyewe ubaoni. Siku ya ndoa mnahitaji mashahidi wasiopungua wawili waliotimia miaka 18. Ndoa ya kiserikali haimtaki walii, wala msajili hakuulizi eda yako kwa hesabu ya tohara niliyokuonesha. Ikiwa wewe na watu wako mnaitaka ndoa inayosimama kwa masharti ya dini, kama ninavyoielewa barua yako, basi bomani peke yake haitawatosheleza, na bado mtarudi Wete kufunga nikaha.

Wapo pia wanaopendekeza wazee wa pande mbili wakutane, wakabidhiane kwa mila, na usajili ufanywe baadaye. Sheria ya Bara inaitambua ndoa ya kimila na inawataka wanandoa waisajili ndani ya siku 30 ikiwa msajili hakuwepo, na kutoisajili hakuifanyi kuwa batili. Lakini kwa mwanamke mwenye ndoa iliyotangulia na mume mwenye ndoa iliyotangulia, njia hiyo siishauri hata kidogo, kwani mambo mawili yanayohitaji kuchunguzwa kabla ya ndoa yanaachwa yachunguzwe baada yake.

Kufunga mara mbili, mara Tanga na mara Wete, pia kuna hatari yake. Mtapata vyeti viwili vyenye tarehe mbili, na mara nyingi vyenye hali mbili tofauti za ndoa ya awali, kwa sababu fomu zinajazwa na watu tofauti siku tofauti. Chagueni pamoja. Mimi ningewashauri Wete, isajiliwe hapa, kisha mchumba wako akatumie cheti hicho huko anakofanya kazi. Ndoa iliyofungwa kihalali Pemba haihitaji kufungwa tena kwa kuwa mtu amevuka bahari.

Tukikubaliana kwamba ni Wete, tunakuja kwenye walii na ridhaa, na haya mawili katika hali yako yamefungamana. Mjomba wako amekulea, Mungu amlipe, lakini ujomba haumpi uwalii. Uwalii unapitia upande wa baba: baba mwenyewe, kisha babu mzaa baba, kisha kaka wa baba na mama mmoja, kisha kaka kwa baba, kisha watoto wao wa kiume, kisha ami na watoto wake wa kiume. Kaka kwa mama na mjomba hawamo katika mlolongo huo, hata wawe wamekusomesha na kukuvisha. Kama babu mzaa baba hayupo na huna kaka wa baba na mama mmoja, basi walii wako ni huyo kaka aliye Maskati. Ami aliyepo hapa Wete hawezi kumruka kwa sababu tu yuko karibu. Kwa madhehebu yetu, walii wa karibu akiwa mbali masafa ya kukusuru sala, uwalii haushuki kwa anayemfuata bali huenda kwa kadhi. Hilo linajuzu, lakini kaka yako anapatikana kwa simu, na ni bora awakilishe.

Anaweza kumwakilisha nani? Anaweza kumwakilisha huyo huyo mjomba. Mzee aliyekulea ataozesha kwa mkono wake mwenyewe, si kwa uwalii wake bali kwa wakala wa kaka yako, na katika fomu itaandikwa hivyo: walii ni kaka kwa baba, wakili wake ni mjomba. Fomu ikiandikwa mjomba kuwa ndiye walii, mrudishieni anayeandika airekebishe kabla ya kutia sahihi.

Lakini kuna mpangilio ambao watu wengi huugeuza. Kaka si kama baba kwa binti bikira, kwa hiyo hana uwezo wa kumwakilisha mtu akuozeshe kabla wewe hujampa idhini. Idhini yako itangulie, kisha uwakala ufuate. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba wanaume wanapigiana simu usiku, kaka anasema basi mjomba ozesha, na bibi harusi anaulizwa asubuhi ya siku ya harusi. Uwakala wa namna hiyo haukusimama, kwa sababu uliotolewa ulikuwa uwezo ambao mwenyewe hakuwa nao bado. Mpigie kaka yako wewe mwenyewe. Mtajie jina kamili la mwanamume, mwambie umeridhika naye na mahari yake, na mwambie unamruhusu akuozeshe au amwakilishe mjomba akuozeshe. Baada ya hapo aandike barua, au amtamkie mjomba kwa simu mbele ya watu wawili wanaoijua sauti yake, na barua iambatishwe na nakala ya pasipoti yake.

Ridhaa yako pia lazima iwe ya kutamka. Bikira anapoulizwa akanyamaza, kimya chake kinachukuliwa kuwa ni idhini, lakini mwanamke aliyewahi kuolewa ni lazima aseme. Unaona sasa jinsi lile neno la shangazi linavyoingia hadi hapa: ukiandikwa kwamba hujawahi kuolewa, shehe ataridhika na kimya chako, na ndoa yako itajengwa juu ya ridhaa ya namna isiyokuhusu. Sehemu ya ridhaa usiisaini chumbani huku unapakwa hina na watu wanakuharakisha. Isome, uone jina la mwanamume, kiasi cha mahari na kilichotolewa na kilichobaki, na hali ya ndoa iliyoandikwa kwako na kwake, ndipo utie sahihi. Na kama hukuridhika, sema, maana ndoa ya mtu mzima aliyewahi kuolewa haifungwi bila ya kauli yake.

Niseme kidogo na kinyume chake: kaka akikataa kukuozesha bila ya sababu ya kisheria, na mwanamume ni mtu anayekufaa, shauri lipeleke kwa kadhi, naye akithibitisha kwamba umezuiliwa bila haki atakuozesha.

Wamebaki mashahidi. Nikaha inahitaji mashahidi wawili wanaume, Waislamu, watu wazima wenye akili, waadilifu, wanaosikia, wanaoona na wanaoifahamu lugha inayotamkwa. Masharti hayo kila mtu anayajua. Linalosahauliwa ni nani asiyeweza kuhesabiwa. Anayeozesha hawezi kuwa shahidi wa ndoa anayoiozesha yeye, na walii aliyewakilisha naye hawezi, kwa sababu wakili anasema kwa niaba yake na ni kama yeye ndiye anayesema. Hivyo mjomba akiwa wakili, jina lake lisionekane katika sehemu ya mashahidi. Na kama kaka yako akipata ruhusa kazini akaja kutoka Maskati, ama aozeshe mwenyewe, ama amwachie mjomba, lakini katika hali zote mbili asiandikwe shahidi. Nimeona fomu ambayo baba alimwakilisha shehe, kisha baba akatia sahihi kama shahidi wa kwanza kwa heshima, na shahidi wa haki akabaki mmoja tu. Ikiwa kaka yako ataamua kuja na kuozesha mwenyewe, basi mjomba yuko huru na anaweza kuwa shahidi mzuri kabisa.

Mashahidi wawekwe karibu. Msikiti unapojaa baada ya sala ya alasiri, watu wanaoandikwa wakati mwingine ni wazee wa safu ya nyuma ambao wamesikia takbira na dua tu, si kauli ya anayeozesha wala kauli ya anayepokea. Kila shahidi awe amewasikia wawili hao kwa masikio yake, na sahihi zitiwe baada ya akdi, si kabla. Ukiulizwa miaka kumi baadaye, shahidi atakayekusaidia ni yule anayeweza kusema jina la aliyeozesha, jina la aliyepokea na mahari iliyotajwa. Chagua kwa hiyo watu wenye afya, wanaokaa Pemba, wenye vitambulisho vya sasa, na ambao majina yao katika fomu yatalingana na ya vitambulisho vyao.

Mashahidi wa akdi wanashuhudia yanayosemwa msikitini, nawe utakuwa nyumbani. Kuishuhudisha idhini yako si sharti la kusihi kwa ndoa, lakini kwa hali yako mimi naliona kuwa jambo la lazima kwa tahadhari. Shehe au mjomba anapokuja kukuuliza, aje na watu wawili wakusikie ukisema, na afadhali wawe wale wale watakaokaa msikitini. Hapo ridhaa, uwakala na akdi vitakuwa na mashahidi wa aina moja, na hakuna atakayeweza kusema kwamba uliozwa na ndugu wa mama bila ya kauli yako.

Ndoa ikishafungwa, hakikisha fomu haibaki mfukoni mwa mtu. Muulize aliyefungisha ni lini ataiwasilisha kwa usajili, na fuatilia mwenyewe katika ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ambayo imeundwa kwa sheria ya mwaka 2018 na inaandikisha ndoa na talaka pamoja na vizazi na vifo. Nenda na karatasi yako ya kadhi siku hiyo, ili talaka ya kwanza nayo iwe imeingia katika kumbukumbu kabla ya ndoa ya pili. Cheti kikitoka, kisome papo hapo dirishani: majina matatu yako kama yalivyo katika cheti cha kuzaliwa, majina ya mume kama yalivyo katika kitambulisho chake cha Bara, tarehe ya akdi na si tarehe ya kuandika, hali yako kuwa ni mtalaka, jina la walii na la wakili wake kila moja mahali pake. Kosa la herufi moja husahihishwa kwa urahisi aliyefungisha na mashahidi wakiwa wapo, lakini mtu aliyehamia Tanga na cheti chenye jina lisilolingana na pasipoti yake atalazimika kurudi Pemba kulitafuta daftari lile lile.